Modeli ya majani ya mihogo haivuki 26%, naombeni msaada

Mwana_Mihogo: Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za majani. Nimepiga picha 1,200 kwa simu, makundi manne, 300 kila moja: zima, batobato, michirizi kahawia na utitiri. Kwenye picha za mafunzo modeli inafika 90%, ila kwenye za majaribio imegoma 26%. Wiki ya tatu sasa, na Ijumaa nawasilisha.

Chuma2: Picha chache hizo mkuu, ndiyo maana inakariri. Ongeza.

Mzee_wa_Takwimu: Kukariri inakariri kweli, lakini uchache pekee haushushi mpaka hapo. Makundi manne yaliyo sawa, ukikisia umefumba macho unapata 25%. Maana yake modeli yako haijaona uhusiano wowote kati ya picha na lebo. Usiiguse tena. Toa picha 16 baada ya kuzichanganya, kila moja na lebo yake juu, uziangalie kwa macho yako.

Mwana_Mihogo: Nilishaipa picha 20 tu, ikazishika zote 100%. Nikaamini data iko sawa.

Mzee_wa_Takwimu: Kipimo hicho kinaonyesha kwamba modeli inaweza kujifunza, basi. Hata lebo za uongo inazikariri. Angalia picha.

Neema_K: Jamani yangu imegoma 70%, kila jani inasema zima. Ni tatizo hilo hilo?

Mzee_wa_Takwimu: Dada, hesabu kwanza. Kama 70% ya picha zako ni majani mazima, hiyo ndiyo alama ya kukisia kwako. Lebo zikivurugika utaona 70 hiyo hiyo, kwa hiyo na wewe angalia picha.

Mwana_Mihogo: Wakuu, nimeona! Picha ya pili ni jani limejikunja, mabaka ya njano kila mahali, batobato tupu, na juu yake pameandikwa zima. Nilikuwa nimefanya hivi:

```python
np.random.shuffle(X)
np.random.shuffle(y)
```

Picha zilichanganywa kivyake, lebo kivyake.

Mzee_wa_Takwimu: Ndiyo penyewe. Tengeneza mpangilio mmoja, utumie kote:

```python
p = np.random.permutation(len(X))
X, y = X[p], y[p]
```

Kama ulihifadhi faili baada ya kuchanganya, hizo zitupe. Soma upya kutoka folda za mwanzo.

Mwana_Mihogo: Folda zipo, nashukuru Mungu. Nimerudia usiku huu: 74% kwenye majaribio. Bado inachanganya michirizi kahawia na zima.

Shamba_Darasa: Michirizi kahawia huanzia majani ya chini, yaliyokomaa, na dalili zake hazionekani haraka. Ulipiga ya juu?

Mwana_Mihogo: Mengi ya juu, kweli.

Mzee_wa_Takwimu: Swali moja kabla ya Ijumaa. Picha za shina moja ziko pande zote mbili, mafunzo na majaribio?

Mwana_Mihogo: Shina moja nilipiga hata picha tano, na sikuandika ni shina lipi.

Mzee_wa_Takwimu: Basi hiyo 74 usiiandike bado, huenda modeli inalikumbuka shina badala ya kuutambua ugonjwa. Majina ya faili yana saa za kupigwa, tuzitumie kujua zipi ni za shina moja?