Ada ya bweni Pongwe: jiko letu au mzabuni wa chakula?

Mhasibu wa Pongwe
Habari za kazi wadau. Shule yetu ya msingi binafsi iko Pongwe, Tanga, na tunafungua bweni Januari. Vitanda ni 60, watoto wa darasa la tatu hadi la saba. Chakula pamoja na nishati ya kupikia nimekisia 2,300 kwa mtoto kwa siku: uji na kitafunwa asubuhi, ugali maharage mchana, wali na mboga au dagaa jioni. Nimezidisha kwa siku 194 za masomo, nikapata 446,200. Matroni mmoja 300,000 na wapishi wawili 250,000 kila mmoja, miezi tisa, ni 120,000 kwa mtoto. Maji 27,000, matengenezo 16,800. Godoro analeta mzazi. Jumla 610,000 kwa mwaka.

Kuna mzabuni ametuambia atalisha kwa 3,000 kwa siku, milo mitatu, wapishi na nishati juu yake. Bodi inataka ulinganisho Ijumaa. Naona jiko letu ni nafuu kwa mbali. Nimekosea wapi?

Bi Stoo
Mhasibu, umekosea kwenye siku kwanza, na kosa hilo peke yake linaweza kufunga jiko mwezi wa kumi. 194 ni siku za darasani. Mtoto wa bweni anakula Jumamosi na Jumapili pia. 194 gawanya kwa tano ni wiki karibu 39, zidisha kwa saba unapata siku zipatazo 270. Kwa hiyo chakula ni 621,000. Pengo ni 174,800 kwa kila mtoto, na halionekani muhula wa kwanza kwa sababu ada ya mwanzo wa mwaka inalifunika.

Mishahara nayo hailipwi miezi tisa. Mfanyakazi wa mkataba wa mwaka analipwa hata watoto wakiwa likizo, na mwajiri anachangia NSSF asilimia 10 na mfuko wa fidia, WCF, nusu asilimia. Wapishi wawili: 500,000 mara 12, ongeza michango hiyo, ni 6,630,000.

Sasa linganisha vizuri. Mzabuni ni 3,000 mara 270, yaani 810,000 kwa mtoto, basi. Jiko lenu ni 621,000 kwa mtoto, pamoja na wapishi ambao gharama yao haipungui watoto wakipungua. Tofauti ni 189,000 kwa mtoto. Gawanya 6,630,000 kwa 189,000 unapata 35. Watoto wakiwa chini ya 35, mzabuni ni nafuu. Wakizidi, jiko lenu linashinda.

Mkulima Handeni
Mnajisumbua na wazabuni. Nunueni mahindi yote wakati wa mavuno huku Handeni, mwezi wa saba au wa nane. Bei huwa nusu ya ile ya Februari. Gharama ya chakula itashuka nusu.

Bi Stoo
Kununua wakati wa mavuno ni sawa, kaka, ila chakula hakishuki nusu. Uji na ugali vinakula unga gramu 310 hivi kwa mtoto kwa siku. Unga ukiwa 1,400 kwa kilo, hiyo ni kama 430 kati ya 2,300. Hata bei ikishuka nusu, unaokoa kama 215 kwa siku. Pesa kubwa iko kwenye mchele, maharage, mafuta na sukari.

Halafu kuna stoo. Pwani kuna unyevu. Mahindi yakiingia hayajakauka hadi asilimia 13.5 yanashika ukungu, na huko ndiko sumukuvu inakoanzia. Yakiwa makavu, dumuzi anayafuata. Ukiona vumbi la unga chini ya gunia, ameshaingia siku nyingi. Tumieni mifuko ya kinga njaa, funga kila tabaka peke yake, weka juu ya chaga, na msifungue mfuko kwa kuchungulia. Kumbukeni pia kwamba ukikoboa sembe, robo hivi ya mahindi inatoka kama pumba. Anayepiga hesabu ya gunia kama unga mtupu atapungukiwa.

Mama Chumbageni
Samahani, sisi watoto wetu ni wa kutwa, tunalipia mchana tu 1,200. Kwa hesabu hizi tunaibiwa? Na yule mdogo yuko la pili, nilitaka kumpeleka bweni mwakani.

Bi Stoo
Mama, hapa tunazungumza bweni, lakini umegusa mawili. Wa kutwa wakila jiko hilohilo, wabebe sehemu ya mshahara wa wapishi, kwa hiyo siwezi kusema 1,200 ni wizi. Na jikoni wakifika zaidi ya 100, kuni na mkaa vimekatazwa kwa taasisi, kwa hiyo bei ya nishati ipigwe kwa gesi tangu mwanzo.

La mtoto wako mdogo: mwaka 2023 Wizara ilizuia bweni kwa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Mhasibu wa Pongwe, hili linakuhusu wewe pia. La tatu na la nne ni wangapi kwenye hao 60?

Mhasibu wa Pongwe
Ni 12. Basi nabaki na 48.

Bi Stoo
Basi gawanya kwa 48, si kwa vitanda. Na matroni wawe wawili. Sheria ya kazi ni saa 45 kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Mmoja anayelala na watoto siku saba hawezi kuwa ndani ya sheria, na akiugua usiku bweni halina mtu. Wawili na wapishi wawili, na michango, ni 14,586,000.

Fundi Makorora
Hayo matengenezo 16,800 ni madogo. Hewa ya bahari inakula vitanda vya chuma, na kutu inaanza kwenye viungo vya kuchomelea, chini ya rangi. Gonga kiungo kwa nyundo ndogo. Kikitoa sauti ya kufa badala ya kulia, kichomelewe upya kabla mtoto wa juu hajaanguka. Ongeza koki, vitasa, wavu wa madirisha na gari la maji taka mara mbili kwa mwaka. Wekeni 3,000,000.

Maji: lita 50 kwa mtoto zinatosha, ila ankara ya bomba si gharama yote. Maji ya bomba yakikatika mtaita boza. Lita 10,000 kwa 120,000 ni 12,000 kwa uniti ya lita 1,000, mara sita ya uniti ya bomba ya 2,000. Wekeni siku 30 za boza, maji yanafika 42,000 kwa mtoto.

Bi Stoo
Nakubaliana na fundi. Vitanda vya ghorofa 30 na magodoro 60 yenye kava la mpira, ukigawa kwa miaka vinavyodumu (nimeweka minane na mitatu), ni kama 2,850,000 kwa mwaka. Basi: mishahara, vitanda na matengenezo 20,436,000 gawanya kwa 48, ni 425,750. Ongeza chakula 621,000 na maji 42,000. Ada ni 1,088,750, weka 1,090,000. Kwa watoto 60 ingekuwa 1,003,600. Ukitangaza hiyo na wakaja 48, utapungukiwa 4,087,200.

Mhasibu wa Pongwe
Nimeelewa, jiko letu. Lakini godoro bado nataka alete mzazi, ada ishuke karibu 30,000.

Fundi Makorora
Magodoro ya nyumbani yanaingia na kunguni, na ukubwa hautoshi kwenye fremu.

Mama Chumbageni
Ila mzazi mwenye watoto wawili anayo magodoro tayari, kwa nini alipe tena?

Bi Stoo
Hapo mimi na fundi ni wa shule kununua, lakini shule nyingi hapa Tanga zinafanya kama anavyotaka mama. Peleka bodini bei zote mbili, na kwenye ile ya mzazi kuleta andika futi mbili na nusu kwa sita, inchi nne, na kava la mpira.