Tupeane uzoefu: mlioshuka Dar kutoka Kigoma na Tabora mkafanya kazi za kutembea juani, mlivaa nini?

Mtu wa Gungu
Wakuu habari za humu. Mdogo wangu kapata kazi Dar, anashuka na treni mwisho wa Januari, kazi yenyewe ni kuzunguka nyumba kwa nyumba Mbagala na Chamazi kuandikisha wateja, asubuhi mpaka jioni kwa mguu. Nimechungulia begi lake limejaa jinzi na fulana za kubana. Mliopitia mwageni uzoefu, ila msije na "avae nguo nyepesi" mkaishia hapo, hiyo hata yeye anaijua.

Kijana wa Kibirizi
Umenitonesha kidonda kaka. Mimi nilifanya mauzo ya mtaani Dar mwezi wa pili, kampuni siitaji. Walitugawia fulana za kola za polista, nzito, na nembo kubwa ya plastiki mgongoni, chini nikapiga jinzi ya kubana maana nimetoka Kigoma nataka nionekane wa mjini. Saa 3 asubuhi nimelowa chapachapa. Na sio kulowa kwa huku kwetu, ambako ukikaa chini ya mwembe upepo ukipita unakauka, kule jasho likitoka halina pa kwenda, linashuka mgongoni linajaa kwenye mkanda, jinzi inalinywa inazidi uzito. Chini ya ile nembo nikaota vipele vya joto vidogo vidogo, vinachoma kila nikivaa begi. Sasa kufika saa 8 ule mshono mnene wa jinzi wa katikati ya mapaja umeshanikwangua, na jasho lina chumvi, kila hatua moto. Nikaanza kutembea nimetanua miguu. Pale Rangi Tatu mama mmoja muuza mihogo akaniangalia akamwambia mwenzie "masikini huyu katoka jandoni wamemtuma kazi hajapona". Kijiwe kizima kikageuka. Akaniita akanikalisha, "pole baba, wiki ya ngapi?" na mimi kwa aibu nikajibu ya pili 😭😭 Akanipa kanga, nikavua jinzi nyuma ya kibanda, nikamaliza mitaa iliyobaki na kanga kiunoni na fulana ya kampuni juu. Na siku hiyo ndio niliuza kuliko siku zote, kila mlango wananionea huruma.

Binti Isevya
"Wiki ya pili" 😂😂😂 nimeshindwa kuendelea na kazi

Mkulima wa Urambo
Ulimrudishia kanga yake?

Kijana wa Kibirizi
Hilo ni swali la kesi mkuu.

Fundi Mwanga
Tuwe siriasi kidogo, mimi nashona na nimeishi Temeke. Alichosema huyo dogo ndio penyewe, jasho linapoza mwili likikauka, na kule hewa imeshajaa maji kwahiyo halikauki haraka. Dawa yake ni kuipa hewa njia ipite kati ya nguo na ngozi. Mteja wa kazi za juani namshonea shati la pamba, kifua nachukua kipimo chake naongeza inchi 6, kwapa nashusha, ubavuni mipasuo miwili, mgongoni rinda moja, bitana hapana. Mikono mirefu, jua likizidi anashusha. Mfuko wa kifuani mmoja tu, maana pale kitambaa kinakuwa mara mbili na ndio panaanza kuloa. Suruali kitambaa hichohicho, pana mapajani, kamba kiunoni sio mkanda. Ukitembea nguo inapeperuka inavuta hewa kwa chini inaitoa shingoni. Ikikushika mgongoni tu ujue hiyo njia imezibwa.

Joti la Ujiji
Muhimu ni rangi tu, vaa nyeupe. Nyeusi inavuta joto.

Mzee Kiloleni
Nusu umepata mwanangu. Nyeupe inasaidia juani, lakini shati jeupe la polista la kubana nalo litakupika tu. Mbona Mabedui jangwani wanavaa makanzu meusi, ila mapana na upepo unaingia. Na watu wetu walitembea Ujiji mpaka Bagamoyo na mizigo kichwani, shuka la merikani tu, hakuna jinzi.

Joti la Ujiji
Mzee merikani si ndio sanda? Unataka dogo apande treni na sanda?

Mzee Kiloleni
Na wewe ukifa utavikwa jezi?

Binti Isevya
Mimi swali, treni ikipita Tabora usiku kuna baridi? Niende na sweta?

Mtu wa Gungu
Dada uzi ni wa joto 😅 ila beba, madirisha yale hayafungi vizuri.

Winga Kasulu
Mnakuza mambo, sisi Kigoma tuna ufukwe, joto tumelizoea, pwani ni pwani.

Mkulima wa Urambo
Ziwa lenu lipo zaidi ya mita 770 juu ya bahari, usiku mnajifunika blanketi. Nenda Dar mwezi wa pili ulale bila feni uje utuambie.

Winga Kasulu
Na nyie wa Tabora mna nini, vumbi na asali.

Mkulima wa Urambo
Asali unaijua bei wewe?

Mama Katubuka
Waacheni hao. Kwa kina dada nasema hivi, dera la pamba lililofuliwa mara kadhaa hakuna mfano. Likiwa jipya lina wanga limekakamaa, halipitishi hewa, kitenge kipya ndio zaidi, kiloweke kwanza. Na sio kila linaloitwa kitenge ni pamba. Mimi naweka mdomo nyuma ya kitambaa napuliza, mkono uko mbele, nisiposikia pumzi narudisha. Halafu nachomoa uzi mmoja kwenye pindo nauchoma, pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, polista inajikunja inakuwa kidonge kigumu. Chini ya dera vaa skintaiti ya pamba inayofika juu ya goti, mapaja yasisuguane, na upake mafuta mazito kabla hujatoka sio baada ya kuchubuka.

Joti la Ujiji
Wauza mitumba wa Mwanga wanakuangalia tu unachoma nguo zao?

Mama Katubuka
Wananijua, nikifika wanaficha viberiti.

Mkimbiza Upepo
Mimi napingana na habari za pamba. Nakimbia, pamba ikilowa imelowa, inakuwa nzito na ndio inakwangua. Jezi nyepesi yenye vitundu haishiki maji, ukipumzika dakika chache imekauka.

Fundi Mwanga
Hapo kwenye vitundu sikupingi. Ila wewe unakimbia saa moja unarudi kuoga, huyu anatembea siku nzima na anaingia nyumba za watu. Polista ikifika saa 9 kwapani hapakaliki.

Mkimbiza Upepo
Abebe ya pili abadili mchana. Na pamba nayo si itabidi abadili?

Fundi Mwanga
Itabidi, hiyo nakubali. Shati la akiba kwenye mfuko, la kwanza akalikamue bombani.

Winga Kasulu
Akiona jasho limekata ghafla ndio akae kivulini, joto limempanda.

Nesi Buhigwe
Asisubiri jasho likate, wengi wanaanguka wamelowa. Kichwa kikigonga, kizunguzungu, kichefuchefu, aache kazi hapohapo, kivulini, alegeze nguo, ajimwagie maji na apepewe. Akianza kuongea visivyoeleweka huyo ni wa hospitali na amwagiwe maji njiani. Na vile vipele asivipake mafuta mazito vinaziba zaidi, mafuta ni ya mapajani tu.

Mtu wa Gungu
Asanteni sana. Jinzi nimezitoa zote kabaki na moja ya kusafiria. Shida kaniambia kampuni itawapa fulana yao na ni lazima kuivaa.

Fundi Mwanga
Aombe saizi mbili juu ya yake. Wakigoma aje nimtobolee kwapani.

Kijana wa Kibirizi
Na akipita Rangi Tatu aulizie mama wa mihogo, ampe salamu zangu, ya kanga asiigusie.