Makala inasema hatari sawia "haikukiukwa, p = 0.31". Nitahakikije bila data?

Daftari Jipya
Wakuu, habari za jioni. Nina makala ya kohoti ya watu wazima walioanza ARV, ambao wamefuatiliwa miezi 36, na tukio ni kifo. Wamegawa CD4 ya mwanzo: chini ya 50 dhidi ya 200 na zaidi. Modeli ya Cox inatoa HR moja tu, yaani uwiano wa hatari ya kifo. Kuhusu dhana ya hatari sawia, kwamba uwiano huo haubadiliki kwa muda, kuna sentensi moja: walitumia mabaki ya Schoenfeld, kipimo cha jumla kikatoa p = 0.31. Lakini kwenye mchoro wa Kaplan-Meier mistari inaachana haraka mwanzoni, kisha inashuka karibu sambamba. Data hawatoi. Je, naweza kuipinga ile HR kwa kutumia mchoro peke yake, au nitakuwa nabahatisha?

Kinara wa Bara
Mkuu, angalia kama mistari inakatana. Isipokatana dhana imesimama, na p yao ni kubwa kuliko 0.05, kwa hiyo hapo huna hoja. Tena umesema inashuka sambamba, na "sawia" maana yake si ndiyo hiyo?

Mzee wa Logi
Kinara, nusu yake nakubali. Mistari ikikatana kabisa, na si kwa kutetereka kwa bahati pale watu wamebaki wachache, dhana imevunjika. Kinyume chake si kweli. Na usambamba unaotakiwa si wa mistari ya uhai, ni wa logi ya hatari limbikizi, yaani ln(−ln S). Mistari ya uhai ikishuka sambamba baada ya kuachana, mara nyingi ina maana hatari za makundi mawili zimeshakaribiana. Kwa hiyo alichokiona Daftari ni dalili mbaya, si nzuri.

Sasa Daftari, kazi yenyewe. Kuza mchoro kwenye skrini, au tumia WebPlotDigitizer, usome uhai wa kila kundi kwenye mwezi uliouchagua kwa sababu ya kitabibu na mwisho wa ufuatiliaji. Tuseme umesoma hivi: mwezi wa 6, kundi la chini 0.85 na la juu 0.96, mwezi wa 36, 0.78 na 0.90.

HR ya miezi 6 ya kwanza ni kama ln(0.85) ukigawa kwa ln(0.96), yaani 0.163 kwa 0.041, unapata karibu 4. Kwa kipindi cha pili usirudie kuanzia sifuri. Chukua waliofika mwezi wa 6 tu: ln(0.78/0.85) kwa ln(0.90/0.96), yaani 0.086 kwa 0.065, unapata 1.3. Ukihesabu miezi yote 36 kwa pamoja unapata 2.4, na kwenye muhtasari huenda ukakuta namba iliyo karibu na hiyo. Si 4 wala 1.3, na hakuna mwezi ambao mgonjwa aliishi chini ya hatari ya mara 2.4.

Wengi hukosea hapo kwenye kipindi cha pili. Wanagawanya hatari limbikizi za mwezi wa 36 na kuona uwiano umeshuka "kidogo tu", kwa sababu vifo vya mwanzo bado vimo ndani ya hesabu.

Daftari Jipya
Asante sana Mzee. Jicho langu likikosea asilimia moja je?

Mzee wa Logi
Swali zuri, maana hesabu hii inaumia hasa kwenye kundi lenye vifo vichache. Ile 0.96 ikiwa kweli ni 0.95, unapata 3.2 halafu 1.6. Ikiwa 0.97, unapata 5.3 halafu 1.15. Namba zinayumba sana, lakini mwelekeo haubadiliki. Ukiona kosa la asilimia moja linageuza hata mwelekeo, acha hoja hiyo.

Kisha kuna bahati yenyewe. Tuseme kundi la chini lilikuwa watu 200, la juu 300, na hakuna aliyepotea. Vifo vya miezi 6 vitakuwa 30 na 12, baadaye 14 na 18. Kosa sanifu la logi ya HR ni takriban kipeuo cha pili cha 1/30 + 1/12, yaani 0.34, kwa kipindi cha pili 0.36. HR ya kwanza ni mara 3 ya ile ya pili, na masafa ya 95% ya hiyo "mara 3" yanaanzia kama 1.1 hadi 7.9. Kwa hiyo usiseme mbele ya watu kwamba ni mara 3. Sema uwiano umeshuka, kiasi hakijulikani vizuri. Vifo vikiwa nusu ya hivyo, masafa yangeikumbatia 1.

Nuru_K
Samahani kuingilia, mimi nina data yangu, watu zaidi ya 40,000. cox.zph ya R inanipa p = 0.001 kwa umri. Nifute umri kwenye modeli?

Mzee wa Logi
Dada Nuru, usifute. Kwa watu wengi hivyo kipimo kinanasa hata mkengeuko usio na maana. Tazama mchoro kwanza:

```
m <- coxph(Surv(miezi, kifo) ~ cd4_chini + umri + jinsia, data = d)
z <- cox.zph(m)
z
plot(z[2], resid = FALSE)
abline(h = coef(m)[2], lty = 3)
```

Mstari wa mabaki ukizunguka karibu na ule wa vidoti, ripoti umri kama kawaida. Ukipanda au kushuka kwa kiasi kinachobadilisha tafsiri, gawa muda:

```
d2 <- survSplit(Surv(miezi, kifo) ~ ., data = d,
                cut = 6, episode = "kipindi")
coxph(Surv(tstart, miezi, kifo) ~ cd4_chini +
        umri:strata(kipindi) + jinsia, data = d2)
```

Mwezi wa kukata uchague kwa sababu ya kitabibu. Ukikata pale mchoro wako mwenyewe unapopinda, p inayofuata haiaminiki.

Hili linarudi kwa Daftari pia. Tatizo lake ni kinyume cha lako. Kipimo cha jumla kinachanganya vigezo vyote, kwa hiyo CD4 iliyovunja dhana inaweza kufichwa na vigezo vingine vilivyotulia. Omba p ya CD4 peke yake. Na uliza walitumia kipimo gani cha muda: Stata, `estat phtest` bila maelekezo hutumia muda wenyewe, R hutumia `km`. Mabadiliko yakiwa kwenye miezi ya mwanzo huku muda ukienda hadi 36, matokeo yanaweza kutofautiana. Uliza wahariri au waandishi watoe `estat phtest, detail`. Ni dakika moja kwa mwenye data.

Kinara wa Bara
Sawa, nimekuelewa kuhusu kukatana. Lakini HR yao imesawazishwa kwa umri, jinsia na hatua ya ugonjwa. Mchoro ni ghafi. Huoni unalinganisha vitu viwili?

Mzee wa Logi
Hapo umenibana, na sina jibu kamili. Mchoro ghafi unaweza kuonyesha uwiano unaoshuka kwa sababu ya hatua ya ugonjwa, na ukisawazisha CD4 ikatulia. Bila data huwezi kutenganisha. Kwa hiyo hoja ya Daftari ni swali kwa waandishi, si hukumu.

Daftari Jipya
Na waliopotea? Jedwali chini ya mchoro linaonyesha kundi la chini limepungua sana kuliko vifo vilivyoripotiwa.

Mzee wa Logi
Basi anzia hapo kabla ya Schoenfeld. Kwenye kohoti za ARV sehemu ya waliopotea huwa wamekufa bila kliniki kujua. Wakipotea zaidi kutoka kundi la chini baada ya mwezi wa 6, vifo vyao havihesabiwi na uwiano utashuka hata kama hatari halisi haijashuka. Toa waliobaki mwezi wa 36 na vifo kutoka kwa walioanza, kwa kila kundi, kisha tenga wale ambao muda wa utafiti uliwaishia tu. Tuletee namba hizo.