Naomba ushauri: 1 na 7, 4 na 9 kwenye leja ya chama

Wadau habari zenu, niko Kisumu, nimekabidhiwa leja za chama chetu nizichape kwa kompyuta na mwandiko wa karani wa zamani unanitesa, 7 yake haina kimstari katikati na 4 ameifunga juu inakaa 9 kabisa.

Penye salio lilijazwa sina shida. Kuna mama salio lake ni 3,260, mchango unasomeka 410 ama 470, salio linalofuata ni 3,730, basi ni 470, maana 410 ingeleta 3,670.

Sasa kuna ukurasa hauna salio, jumla tu chini, na nikijumlisha nakosa 60. Najua 1 ikisomwa kwa 7 tofauti huwa 6, 60 au 600, na 4 kwa 9 huwa 5, 50 au 500, kwa hivyo nashuku 1 moja ya makumi ni 7. Lakini ziko mbili zinazofanana, kila moja ya mtu wake! Nimpe nani hiyo 60? Kadi za wanachama zinatosha kama ushahidi, ama nitafute pia risiti za benki za siku hiyo? Sitaki pesa ya mtu ipotee.