Azimio la bodi lina mkurugenzi asiyeonekana BRELA: nipitishe au nirudishe?

Dirisha la Nyuma
Wakuu, habari za jioni. Nimehamishiwa kitengo cha kufungua akaunti za makampuni hapa tawini na kuna faili limenikwamisha. Majina nayaficha, naomba mnisaidie namna ya kulisoma.

Kampuni ilisajiliwa 2014. Imeleta cheti cha usajili, katiba, TIN, azimio la bodi la tarehe 3 Machi na orodha ya watia saini. Azimio linasema kikao kilihudhuriwa na wakurugenzi wawili, J na P, wakakubaliana kufungua akaunti na kuteua watia saini watatu: J, P na mhasibu wao N. Wawili wowote kati ya hao wanatosha kutoa fedha.

Nikatoa sachi BRELA. Wakurugenzi walioko pale ni J, M na S. P hayupo, hata kwenye wanahisa hayupo. Nilipompigia J akasema M alijiuzulu mwaka jana na P ndiye aliyeshika nafasi yake, ila taarifa hazijabadilishwa kwenye mfumo. S yupo masomoni nje ya nchi.

Kingine, cheti kina (T) kabla ya Limited, azimio halina.

Afisa mahusiano ananisukuma nipitishe. Hoja yake ni kwamba J yupo kwenye sachi na kwenye azimio, na saini yake inafanana na ya kitambulisho. Ninyi mngefanyaje?

Simba wa Ilala
Rudisha faili lote. Mtia saini ni lazima awe mkurugenzi aliyesajiliwa BRELA. P aondolewe, na huyo mhasibu N naye aondolewe. Abaki J peke yake mpaka wajipange.

Mama Likoni
Huku kwetu Kenya benki huitisha CR12 ya karibuni, unaitoa eCitizen, na humo mna wakurugenzi na wenye hisa. Tangu sheria ya 2015 kampuni binafsi yaweza kuwa na mkurugenzi mmoja tu. Basi kama J yupo kwenye karatasi yenu, saini yake yatosha. Mimi nilifungua akaunti ya duka langu hivyo hivyo, peke yangu.

Katibu Mkongwe
Mama Likoni, duka lako lina mkurugenzi mmoja, ndiyo maana wewe peke yako ulikuwa bodi nzima. Hawa wana watatu kwenye daftari, hivyo mmoja wao hawezi kuamua kwa niaba ya wenzake.

Simba, kurudisha uko sawa, ila sababu siyo hiyo. Mhasibu anaweza kabisa kuwa mtia saini. Anapata mamlaka yake kutoka kwenye azimio la bodi, hahitaji kuonekana BRELA. Hata dereva wa kampuni bodi ikimteua anasaini. Wanaotakiwa kulingana na daftari ni wale *walioteua*, maana bodi ndiyo chanzo cha mamlaka yote yaliyomo kwenye orodha ile.

Dirisha, acha kwanza orodha ya watia saini. Fungua katiba mahali panaposema akidi ya kikao cha wakurugenzi, halafu usome namna mkurugenzi anavyoteuliwa. Kama akidi ni wawili, swali lako linabaki moja tu: tarehe 3 Machi, P alikuwa mkurugenzi au hakuwa? Kama hakuwa, J alikaa na mgeni. Hapo hakuna kikao wala azimio, na saini ya J hata iwe halali kiasi gani haiokoi kitu.

Ujue pia kwamba P anaweza kuwa mkurugenzi halali kabla jina lake halijaingia BRELA. Anayemteua ni kampuni kwa utaratibu wa katiba yake, BRELA wanapelekewa taarifa tu. Kwa hiyo usimkatae kwa sababu ya sachi pekee. Mwambie J alete barua ya M ya kujiuzulu na muhtasari wa kikao kilichomteua P, na utazame tarehe.

Dirisha la Nyuma
Asante sana mkuu. Nimefungua katiba: akidi ni wakurugenzi wawili, na mkurugenzi huteuliwa na mkutano mkuu wa wanahisa. Sijaona mahali panapoipa bodi uwezo wa kujaza nafasi iliyo wazi.

J ameleta karatasi leo. Barua ya M ni ya Novemba mwaka jana. Muhtasari wa wanahisa unaomteua P ni wa tarehe 20 Machi.

Katibu Mkongwe
Jibu umeshalipata. P ameteuliwa siku 17 baada ya kikao anachodaiwa kuhudhuria kama mkurugenzi. Tarehe 3 Machi bodi ilikuwa J na S, na S hakuwepo. Akidi haikutimia.

Kuwa makini na kitakachofuata, kwa sababu mteja akiambiwa hivyo mara nyingi hurudi kesho yake na azimio lile lile lenye tarehe mpya, au muhtasari uliosogezwa nyuma ukawa wa Februari. Nakala ya leo unayo, iache kwenye faili. Waambie wafanye kikao kipya cha bodi, S apewe taarifa ya kikao hata kama yuko nje, na azimio jipya lithibitishwe na katibu wa kampuni. Huyo katibu naye mlinganishe na sachi.

Hoja ya afisa mahusiano ingekuwa na nguvu kama mngekuwa hamjui. Benki inayomwamini mteja kwa nia njema ina kinga yake kisheria. Lakini wewe umeshaishika sachi yenye majina tofauti. Ukipitisha hapo, kesho S akija na wakili hamtaweza kusema hamkujua.

Kuhusu (T), usiipuuze. Ltd na Limited ni kitu kimoja, ila (T) ni sehemu ya jina. Linganisha na namba ya usajili, na kwenye azimio jipya jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, namba ikiwemo.

Ngosha wa Kirumba
Mimi yalinikuta haya. Ndugu yangu alipeleka azimio benki fulani akiwa na mtu nisiyemjua, mimi mkurugenzi sikuitwa hata kwenye kikao. Fedha zilitoka. Je, naweza kuidai benki?

Katibu Mkongwe
Pole sana ndugu yangu. Hilo linahitaji wakili aone karatasi zenyewe. Anza kwa kutoa sachi yako na kuandika barua benki kuomba nakala ya azimio walilolitumia.

Binti Kurasini
Naongeza moja kwa Dirisha. "Wawili wowote" maana yake P na N wanaweza kumaliza akaunti bila J kujua. Waulize kama ndicho walichokusudia. Wengi wakishaelezwa huandika "mkurugenzi mmoja pamoja na mhasibu". Na fomu yenu ya sampuli za saini iseme maneno yale yale ya azimio. Nimeshaona azimio linasema hivi na fomu inasema vile, mtu wa hundi akafuata fomu.

Dirisha la Nyuma
Nimerudisha faili leo mchana na barua yenye hoja hizo. J hakufurahi, ila alipoona tarehe mbili pamoja alielewa. Wataomba mabadiliko ya wakurugenzi kupitia ORS wiki hii.

Limebaki hili: wakileta risiti ya maombi kutoka ORS pamoja na azimio jipya, nifungue au nisubiri sachi yenye jina la P?

Katibu Mkongwe
Mimi ningefungua, na kuzuia kutoa fedha mpaka sachi mpya itoke.

Binti Kurasini
Mimi ningesubiri. Maombi hurudishwa kwa marekebisho, na akaunti ikishafunguliwa hakuna anayekumbuka kufuatilia. Soma mwongozo wa ndani wa benki yenu, na sachi ya pili uitoe mwenyewe, usipokee nakala ya mteja.