Tupeane uzoefu: mtoto anachomwa sindano za nimonia, homa haishuki, kumbe pana usaha kando ya pafu

Mama wa Watatu, Malindi

Assalamu alaikum jamani. Waliopitia haya waje tuelezane, maana mimi nilikaa wodini siku tatu bila kujua ninachokitazama.

Mwanangu wa kati ana miaka 4, uzito kilo 14. Alianza na mafua, halafu homa kali, anapumua mbiombio na mbavu zinabonyea. Tukalazwa, tukaambiwa nimonia, sindano zikaanza usiku uleule. Siku ya pili ikapita, ya tatu nayo, na kila ikifika magharibi homa inarudi 39 na nusu. Akawa halali ila kwa ubavu wa kulia, ukimgeuza analia. Akishika tumbo, mimi nadhani minyoo.

Nesi wa zamu ya usiku ndiye aliyeshtuka. Alimwekea kiganja mgongoni akagonga kidole juu ya kidole. Kushoto palilia kama debe tupu, kulia kama debe lililojaa. Akasikiliza, kulia chini pumzi haisikiki. Asubuhi eksirei ikatoka nyeupe upande huo hadi karibu na kwapa, na ultrasaundi ikaonyesha maji mazito yenye nyuzinyuzi. Wakachoma sindano baina ya mbavu wakavuta. Usaha mtupu, kama maziwa yaliyoganda.

Akatiwa mrija ubavuni chini ya kwapa, umeunganishwa na chupa yenye maji. Zilipotoka mililita 140 wakaubana saa nzima kabla ya kuufungua tena. Kesho yake zikatoka 30 tu. Nikashukuru nikijua umekwisha, lakini homa ikabaki 39. Ultrasaundi ya pili ikaonyesha usaha bado mwingi, umegawanyika vyumba vyumba.

Nawauliza: dawa inaingia kwenye mshipa kila siku, mbona haikuua vijidudu?

Duka la Dawa, Watamu

Pole sana mama. Hapo ni usugu tu. Watoto wetu wanapewa amoksilini kila wakikohoa, basi vijidudu vimezoea. Wangebadilisha dawa kali zaidi tangu siku ya pili, mrija usingehitajika.

Mzee wa Wodi, Kilifi

Mwanangu wa Watamu, usugu upo, na kuna kijidudu kiitwacho stafilokoka ambacho penisilini ya kawaida mara nyingi haikiwezi. Ndiyo maana usaha ukionekana tunamtia mtoto kloksasilini na jentamisini. Lakini nimewatibu watoto miaka mingi, na nimeona dawa sahihi kabisa ikishindwa kwa sababu ya mahali usaha ulipo.

Pafu na ukuta wa kifua kila kimoja kina ngozi yake laini, na baina yake pana unyevu kidogo tu. Pafu likiungua kwa nimonia, maji huvuja pale kati. Mwanzoni ni mepesi, na mengine hukauka yenyewe kwa dawa. Vijidudu vikiingia, maji yanageuka usaha na nyuzi zinatanda kama utando wa buibui. Hapo katikati hapana mshipa wa damu, na ndani ya usaha ni uchachu, hewa haba. Dawa inafika kwa shida, na ikifika nguvu yake imepungua, hasa jentamisini. Ukiacha wiki kadhaa, nyuzi zinakuwa gamba gumu linalolibana pafu lisifunguke.

Kwa hiyo Mama wa Watatu, mtoto akitimiza siku mbili za sindano na homa iko palepale, usiulize dawa gani nyingine tu. Omba kifua kipimwe upya. Na lile tumbo halikuwa minyoo. Ubavu wa chini ukiwaka, mtoto anaonyesha tumbo.

Binti Mwalimu, Gede

Baba yangu naye alitolewa maji ya mapafu, lita nzima, ya manjano kama chai ya rangi. Akapewa dawa za TB miezi sita akapona. Kwa nini mtoto huyu hapewi hizo?

Mzee wa Wodi, Kilifi

Bi Mwalimu, ya baba yako ni ugonjwa mwingine. Maji ya TB kwa kawaida huwa mepesi ya manjano, na mgonjwa amekonda wiki nyingi. Huyu aliugua kwa siku, na yake ni usaha. Ila swali lako nalichukua: usaha ukitolewa vizuri na homa bado haikomi, au nyumbani kuna mtu wa kikohozi cha muda mrefu, TB itafutwe, na kipimo cha virusi vya ukimwi kifanywe.

Ami wa Faza, Lamu

Sisi shida yetu ilikuwa safari. Mjukuu wangu alitiwa mrija kisiwani, ikabidi apelekwe Mombasa. Kwenye boti ya kwenda Mokowe, mama yake akaipakata chupa isimwagike. Nesi akapiga kelele: chupa ishushwe sakafuni, ikikaa juu ya kifua maji yake yanarudi ndani. Nikaishika mimi kwa miguu hadi bandarini. Pia nilitaka tuubane mrija kwa ajili ya mawimbi, akakataa, kwa sababu chupa ilikuwa inatoa mapovu.

Mzee wa Wodi, Kilifi

Ami, nesi huyo alijua kazi. Mapovu maana yake pafu linavujisha hewa. Ukiubana, hewa inajaa ndani na kulisukuma pafu.

Mama wa Watatu, Malindi

Basi nimalizie. Mrija wangu ulisukumwa maji ya chumvi, haukuwa umeziba. Wakatia dawa ya kukata zile nyuzi ndani ya mrija wenyewe, miligramu 4 kwenye mililita 40 za maji ya chumvi, wakabana saa moja, wakafungua. Siku tatu hivyo. Siku ya kwanza tu zilitoka mililita 260, na siku ya nne homa ikalala chini ya 38 kwa mara ya kwanza. Mrija ulitolewa zilipobaki kama mililita 10 kwa siku. Dawa hiyo tuliitafuta Mombasa wenyewe, na bei yake ilituumiza.

Mama Mokowe

Sisi hatukuipata. Mwanangu wa miaka 6 alipasuliwa wakakwangua lile gamba, akapona. Shangazi yake ananilaumu hadi leo, kwamba mrija ungetosha. Nani kasema kweli?

Mzee wa Wodi, Kilifi

Mama, hata madaktari hawajakubaliana. Wengine huanza na mrija na dawa ya nyuzi, wengine hupasua mapema wakiona vyumba vingi. Kukiwa hakuna dawa hiyo na mtoto anaungua, upasuaji ni njia halali. Shangazi hakuiona ile ultrasaundi.

Duka la Dawa, Watamu

Mzee nimekuelewa, ila usugu bado naushikilia. Je, chanjo ya nimonia haikingi haya? Si ilianza Kenya 2011?

Mzee wa Wodi, Kilifi

Ilianza 2011, na inakinga aina kadhaa za kijidudu kiitwacho nimokoka, si zote. Stafilokoka haiguswi kabisa. Kuhusu usugu, usaha wa mtoto huyu ulipelekwa maabara?

Mama wa Watatu, Malindi

Ulipelekwa, hakikuota kitu. Walisema kwa sababu alishapata sindano siku tatu. Sasa yuko nyumbani anamalizia dawa ya kunywa, anakimbia uani, ila bega la kulia bado analishusha kidogo. Eksirei ya kurudia ni baada ya wiki sita. Kuna ambaye mwanawe bega lilinyooka lenyewe?

Mama Mokowe

La mwanangu lilinyooka mwezi wa tatu, bila kuchuliwa. Tulimwacha acheze.