Tupeane uzoefu: siku broka alipokufungia oda mwenyewe

Mzee_wa_Mishumaa: Wakuu, leo kwenye daladala nimemwona kijana anachungulia EURUSD huku mkono unatetemeka, nikakumbuka yangu. Akaunti dola 200, leveraji 1:500. Bei ilikuwa 1.1000, nikanunua loti 0.50. Hizo ni euro 50,000, kama dola 55,000 hivi, na mfukoni nina mia mbili! Broka alishika dhamana ya dola 110 tu. Kila pipsi ni dola 5. Zikapanda pipsi 20, nina faida ya dola 100, nikampigia mama watoto leo kuku. Sikufunga. Zikatoka takwimu za ajira za Marekani, bei ikageuka. Ilipopita bei yangu ya kununulia kwa pipsi 18 kwenda chini, Margin Level ikasoma 100%. Pipsi 29, nimebaki na dola 55, nusu ya dhamana, broka akaifunga. Dakika kumi baadaye bei imerudi juu, mimi simo.

Kidagaa: Hapo kwenye "imerudi juu" umenitonesha kidonda.

Sungura_Mjanja: Kosa ni 1:500. Ungeweka 1:100, kila pipsi ingekula mara tano pungufu.

Bibi_Loti: Hapana mwanangu. Pipsi inafuata loti. Loti 0.50 ya EURUSD ni dola 5 kwa leveraji yoyote. Ila kwa 1:100 dhamana ingekuwa dola 550, oda ingekataliwa palepale. Hiyo 1:500 ilimfungulia mlango tu. Angeingia na 0.01, pipsi 29 ni dola 2.90, angelala usingizi.

Sungura_Mjanja: Si ndicho nilichosema?

Bibi_Loti: Hukusema.

Boda_Mbagala: Samahani, marejesho ya huo mkopo wa broka ni kwa wiki au kwa mwezi? Mimi pikipiki nalipa kila siku.

Kidagaa: 😂 Hakuna marejesho kaka. Akiona hasara inakaribia kugusa hela yake, anafunga. Oda ikilala ndiyo unakatwa swapu.

Mtumishi: Kamari tupu. Limeni.

Sungura_Mjanja: Nililima matikiti, mvua ikanifungia oda.

Mhazini_Mstaafu: Nilikuwa natunza hela ya kikoba. Margin Level ilipofika 70% nikachomeka hela ya akina mama, ikapanda 140%, nikashusha pumzi. Ikashuka, nikachomeka tena. Mara ya tatu mfuko mtupu, na mgawo ni Alhamisi.

Kidagaa: Weee! Mkeo alijua?

Mhazini_Mstaafu: Mwenyekiti wa kikoba ndiye mke wangu.

Mzee_wa_Mishumaa: Stopu losi, jamani.

Sungura_Mjanja: Stopu losi ndiyo inayonitoa kila siku kabla bei haijaenda kwangu.

Bibi_Loti: Kwa loti kubwa lazima uiweke karibu, ndiyo maana inakutoa. Na siyo kinga kamili: 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha kulinda 1.20 ya EURCHF, bei iliruka tu, stopu zikafungwa mbali kabisa chini. Wengine waliamka wanadaiwa na broka.

Kidagaa: Bibi, ngoja kwanza. Mhazini, Alhamisi ulienda?